Herufi za Jina na Upatanisho wa Kisarufi

Tuchukue mfano wa mwanachuo wa Nsambya, Kampala, anayemtungia rafiki yake Nakato maneno ya kuambatisha na picha ya siku ya kuzaliwa:

N – Ni rafiki wa kweli
A – Aminifu daima
K – Karimu kwa wote
A – Anatusikiliza
T – Tunamwombea heri
O – Ombi letu: aishi miaka mingi

Tukitanguliza "Nakato ni" mbele ya kila kivumishi, kosa la mstari wa pili hujitokeza. Shina -aminifu hudai kiambishi cha ngeli ya A-WA: mwaminifu, nalo huanza kwa M. Karimu, lenye asili ya Kiarabu, halichukui kiambishi. Kwa herufi A tutumie kitenzi cha nafsi ya tatu umoja: "Anaaminika daima".