Onyo la Mwisho kwa Mfanyakazi Anayevunja Kanuni za Usalama: Barua Iandikwe Vipi?

Chukulia karakana ya mbao yenye msumeno wa umeme wa mviringo. Fundi mmoja ana mazoea ya kuondoa kifuniko cha chuma kinachokinga vidole. Mwezi Machi alionywa kwa mdomo, Mei akapewa barua ya kwanza, na tarehe 9 Julai msimamizi akamkuta tena akipasua mbao bila kifuniko. Mwajiri sasa anataka kuandika onyo la mwisho.

Kabla ya kuandika, amwite fundi na kumuuliza sababu. Huenda kifuniko kinakwama mbao nyembamba zinapopita. Ikiwa ndivyo, kosa si la fundi peke yake, na mtambo urekebishwe kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mfanyakazi afuate kanuni za usalama, lakini pia humtaka mwajiri atoe mitambo salama, maelezo na mafunzo.

Ikibainika kuwa kifuniko ni kizima na fundi alikiondoa tu ili amalize haraka, barua iandikwe. Maneno kama “wewe ni mzembe” hayafai, kwa kuwa hayathibitishi lolote. Afadhali hivi:

“Tarehe 9 Julai, saa nne asubuhi, ulipasua mbao kwa msumeno ambao kifuniko chake ulikuwa umekiondoa. Ulionywa kuhusu kosa hili Machi na Mei. Hili ni onyo la mwisho, na litadumu miezi 12. Kuanzia leo hutatumia msumeno huu hadi umalize mafunzo ya siku mbili na kupita jaribio mbele ya msimamizi. Ukirudia kosa, utaitwa kujieleza, na unaweza kuachishwa kazi.”

Mafunzo ndiyo sehemu ambayo waajiri wengi huiandika kwa mstari mmoja kisha wakaisahau. Barua itaje siku, mkufunzi na litakalojaribiwa: kwa mfano, kuzima umeme kabla ya kusafisha, kurekebisha kifuniko, na kusukuma mbao fupi kwa kijiti badala ya mkono. Yafanyike saa za kazi, mshahara ukiendelea, kwa lugha anayoielewa fundi. Matokeo yatiwe kwenye faili. Bila rekodi hiyo, itakuwa vigumu kuthibitisha baadaye kwamba alifundishwa.

Fundi naye akitia sahihi, anakubali kuwa ameipokea barua, si lazima awe amekubali kosa. Anaweza kuandika hapo chini, “Nimepokea, lakini sikubaliani,” na kuambatisha maelezo yake. Abaki na nakala.

Onyo la mwisho halimpi mwajiri ruhusa ya kumfukuza mtu papo hapo kosa likirudiwa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na maelezo yao yasikilizwe kabla ya uamuzi. Mwajiri akiruka hatua hiyo, mahakama inaweza kuamua kwamba fundi alifutwa isivyo haki, na kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.