Ruzuku ya Milioni 90, Mapato ya Milioni 23.8

Fedha za Ukimwi na afya ya jamii zimeingia Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi, na sababu inajulikana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.3 Iringa na asilimia 9.3 Mbeya, mikoa iliyokuwa juu kabisa nchini pamoja na Njombe. Ndiyo maana mashirika mengi ya mikoa hii, makubwa kwa madogo, yanaishi kwa ruzuku zenye masharti: mfadhili anatoa fedha, lakini anataja zitumike kwa kazi gani, wilaya ipi na mpaka lini.

Kazi yangu ni kusaidia mashirika madogo ya Iringa na Mbeya kufunga hesabu. Kila Januari linarudi swali lilelile kutoka kwa wakurugenzi: fedha zimo benki, mbona mhasibu anasema bado si mapato?

Tuchukue shirika la mfano lenye ofisi Iringa mjini na mradi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wilayani Kilolo. Mwaka wake wa hesabu unaisha Desemba 31. Oktoba 1 limepokea shilingi milioni 90 kwa mradi wa miezi 18, na mkataba unasema salio lisilotumika litarudishwa kwa mfadhili. Sharti hilo la kurudisha ndilo la kusoma kwanza, maana linamfanya mhasibu azipokee fedha kama deni. Anadebiti benki milioni 90, kisha anakrediti mapato yaliyoahirishwa, akaunti inayokaa upande wa madeni kwenye mizania. Kuanzia hapo shirika linalipa deni hilo kwa kufanya kazi, na kila gharama halali ya mradi inapotokea, kiasi kilekile kinahamishwa kwenda mapato.

Utaratibu huu umeazimwa kutoka Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 20, ambacho kiliandikwa kwa ajili ya ruzuku za serikali. Shirika linalotumia kiwango kifupi cha biashara ndogo na za kati litakuta humo kanuni tofauti, inayoangalia sharti limetimizwa lini. Kwa hiyo sera iliyochaguliwa iandikwe kwenye maelezo ya hesabu, na isibadilishwe kila anapoajiriwa mhasibu mpya.

Hadi Desemba 31, benki imetoa milioni 33.4. Wengi hukimbilia kuandika kiasi hicho chote kuwa mapato, na hapo ndipo hesabu zinapoharibika. Mishahara ya milioni 12 na mafunzo ya milioni 8 hayana utata, kwa kuwa kazi ilifanyika na hati zipo. Lakini ofisa wa mradi alichukua masurufu ya milioni 3 akarejesha stakabadhi za milioni 1.8 tu. Ile milioni 1.2 bado ni fedha ya shirika iliyo mikononi mwake, na haigeuki gharama kwa sababu tu imetoka benki. Kodi ya ofisi ya mradi ililipwa milioni 2.4 kwa miezi sita kuanzia Novemba. Miezi miwili ndiyo imeisha, basi gharama ni laki 8. Na pikipiki ya milioni 8 itatumika miaka minne, hivyo uchakavu wa miezi mitatu ni laki 5.

Kuna pia kitu ambacho benki haikijui kabisa. Kituo cha mafuta cha Ilula kinadai laki 7 za Desemba. Hazijalipwa, lakini mafuta yamekwisha kuchomwa kwenye barabara za Kilolo, kwa hiyo gharama imetokea.

Jumlisha: 12, 8, 1.8, 0.8, 0.5 na 0.7. Mapato ya mwaka ni milioni 23.8, na milioni 66.2 zinabaki kwenye mizania kama mapato yaliyoahirishwa.

Sasa jaribio ambalo silifungi faili bila kulifanya. Hizo milioni 66.2 lazima ziwe mahali fulani, na mhasibu aweze kuzionyesha moja moja. Benki kuna 56.6, kwa ofisa kuna 1.2 ya masurufu, kwa mwenye nyumba kuna 1.6 ya kodi ya mbele, na pikipiki ina thamani ya 7.5. Jumla ni 66.9. Toa laki 7 za deni la mafuta, unapata 66.2 kamili. Zisipolingana, anza na benki. Mara nyingi utakuta fedha ya mradi mmoja "ilikopeshwa" kulipa mishahara ya mradi mwingine na hakuna aliyeandika.

Kuna njia ya mkato ninayoikuta mara kwa mara: milioni 90 kugawa kwa miezi 18, basi milioni 5 kila mwezi. Kwa miezi mitatu ingekuwa milioni 15 za mapato dhidi ya gharama za milioni 23.8, na shirika lingeonyesha hasara ambayo haipo. Mwakani ingegeuka. Mvua za masika zikikata barabara za vijijini, mafunzo ya Machi yanasogea hadi Mei, lakini kalenda ingeendelea kumwaga mapato ya kazi ambayo haijafanyika. Dalili yake ni rahisi kuiona: kwa ruzuku ya namna hii mapato na matumizi ya mradi yanapaswa kulingana, na ziada au hasara yoyote inahitaji maelezo.

Hasara ya kweli inaweza kuwepo. Posho ikilipwa juu ya kiwango cha mkataba, mfadhili anaikataa. Gharama inabaki kwenye vitabu, lakini hakuna mapato ya kuifuata, na inakula fedha za shirika lenyewe.

Pikipiki huleta ugomvi wake. Mfadhili anahesabu milioni 8 zote siku iliponunuliwa, hivyo ripoti yake itasoma matumizi ya milioni 31.3, siyo 23.8. Tofauti ni ile 7.5 ya thamani iliyobaki. Iandike kwenye karatasi ya usuluhisho uiambatishe kabla mkaguzi hajauliza. Nayo milioni 90 itaonekana kwenye tangazo la umma, kwa kuwa kanuni za mwaka 2018 zinayataka mashirika yanayopata zaidi ya shilingi milioni 20 kutangaza fedha hizo. Tarakimu zote tatu ni sahihi, kila moja inajibu swali lake.

Upande wa pili wa jambo hili ulionekana Januari 2025, serikali ya Marekani ilipotoa amri za kusimamisha kazi kwenye miradi ya misaada yake. Mikataba mingi ya USAID ilikuwa ya kufidia gharama: shirika linatumia kwanza, kisha linadai. Hapo hakuna mapato ya kuahirisha, kuna fedha za kudai, na haki ya kudai inasimama juu ya gharama iliyokwisha kutokea kwa mujibu wa mkataba. Machi 5, 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 kwa 4, ilikataa kuzuia amri ya kulipa kazi zilizokwisha kufanyika. Waliokuwa na hati zenye tarehe walijua wanadai kiasi gani.

Kwa hiyo wahasibu wenzangu wa Mafinga, Tukuyu na Uyole, kwa kila ruzuku fungueni leja yake, mfanye lile jaribio la salio kila mwisho wa mwezi, na msimpe ofisa masurufu mapya kabla hajarejesha ya zamani.