Kiasi cha Kuagiza kwa Mara Moja: Pale Punguzo Linapogeuka Hasara

Mfanyabiashara anayeagiza bidhaa mara kwa mara hulipa nauli nyingi, na anayeagiza shehena kubwa hufungia fedha ghalani. Mwaka 1913, Ford W. Harris wa Marekani alichapisha kanuni ya kutafuta kiasi kinachofanya jumla ya gharama hizo mbili iwe ndogo kabisa:

Q = √(2DS/H)

D ni mauzo ya mwaka, S ni gharama ya kila safari ya kuagiza, na H ni gharama ya kutunza kipimo kimoja kwa mwaka.

Tuchukue mfano wa duka linalouza mifuko 1,200 ya unga wa ngano kwa mwaka, kila mfuko ukinunuliwa kwa shilingi 40,000. Usafiri na upakiaji ni shilingi 24,000 kwa safari. Kutunza mfuko mmoja ni shilingi 4,000: nusu yake ni ghala, panya na unyevu, nusu nyingine ni faida ambayo fedha hiyo ingepata benki. Jibu ni mifuko 120. Safari kumi zitagharimu shilingi 240,000. Kwa kuwa wastani wa mifuko iliyomo ghalani ni 60, utunzaji nao utagharimu shilingi 240,000.

Kanuni hii huchukulia kuwa bei haibadiliki. Sasa msambazaji anapunguza shilingi 1,000 kwa kila mfuko kwa anayechukua 200. Gharama hizo mbili zitapanda kutoka shilingi 480,000 hadi takribani 540,000, lakini punguzo la mwaka ni shilingi 1,200,000. Mwenye fedha zake achukue.

Kwa mwenye mkopo hali ni tofauti kabisa. Akilipa riba ya asilimia 5 kwa mwezi juu ya salio linalobaki, riba pekee ni shilingi 24,000 kwa mfuko kwa mwaka. Pamoja na ghala, H inakuwa 26,000. Kiasi kinachofaa kinashuka hadi mifuko 47, kwa gharama ya takribani shilingi 1,224,000. Akishawishika kuchukua 200, gharama hufika takribani shilingi 2,684,000. Ongezeko hilo linalimeza punguzo lote na kumwachia hasara ya shilingi 260,000. Kosa la kawaida hapa ni kuandika riba ya mwezi mahali pa riba ya mwaka.

Kanuni huchukulia pia kuwa mauzo ni sawa mwaka mzima. Katika miji ya pwani, unga wa ngano huhitajika zaidi mwezi wa Ramadhani, nao hutangulia kwa takribani siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Kwa hiyo daftari la mauzo lisomwe kwa kufuata mwezi mwandamo. Atakayelinganisha Machi na Machi huenda akaagiza kwa kuchelewa, kisha akabaki na shehena baada ya Idi.