Kutoa Picha Isiyo na Mandharinyuma Bila Kupoteza Uwazi: Kwa Nini JPEG Haifai na Umbizo Lipi Litumike

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Muuza vikoi amepiga picha ya kikoi cha buluu chenye matamvua meupe kwa simu, picha ya pikseli 2000 kwa 1500. Anataka kikoi kibaki peke yake ili kiwekwe juu ya bango la rangi ya buluu iliyokoza. Nimechagua kikoi kwa sababu ya matamvua: kitu chenye ukingo ulionyooka huficha makosa mengi, nyuzi hazifichi lolote.

Maneno matatu yatatumika kwa maana moja tu. Mandharinyuma ni kila kilichomo pichani kisichokuwa kikoi. Uwazi ni hali ya pikseli kuruhusu kilicho nyuma yake kionekane. Kubapa ni kuunganisha picha yenye uwazi na rangi fulani ya nyuma hadi uwazi uishe.

Andaa vitu vitatu: kompyuta, programu ya GIMP, ambayo hupatikana bure, na picha halisi kutoka kwenye simu, si nakala iliyopitia WhatsApp.

Hatua ya 1. Hesabu chaneli zilizomo kwenye faili.

Kila pikseli ya picha ya rangi huelezwa kwa namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Namba za rangi moja kwa pikseli zote huitwa chaneli. Picha yenye uwazi huongeza namba ya nne, chaneli ya alfa: 0 maana yake pikseli haionekani kabisa, 255 maana yake imeziba kabisa, na namba za katikati ni uwazi wa kiasi.

Kwa picha yetu hesabu ni hii. Pikseli ni 3,000,000. Chaneli tatu za rangi huchukua baiti 9,000,000 kabla ya kubanwa, na alfa huongeza 3,000,000. Faili la kawaida la JPEG halina mahali pa kuweka hizo milioni tatu za mwisho. Kiwango cha JPEG kilichotolewa mwaka 1992 kililenga kubana picha za kamera, na kamera haipigi picha ya kitu kisichokuwepo. Rangi hubadilishwa kuwa chaneli moja ya mwangaza na mbili za tofauti ya rangi, kisha faili hufungwa. Kwa hiyo usitafute kisanduku cha kuwasha uwazi kwenye dirisha la JPEG. Hakipo, na kuongeza ubora hadi 100 hakukileti. (JPEG 2000 na JPEG XL zina alfa, lakini ni maumbizo mengine yaliyorithi jina tu.)

Hatua ya 2. Ongeza chaneli ya alfa kabla ya kufuta chochote.

Fungua picha kwa `File > Open`. Kwa kuwa picha yetu ya simu ni JPEG, tabaka lake linaweza kuingia bila alfa. Chagua `Layer > Transparency > Add Alpha Channel`. Ikiwa maneno hayo yamefifia na hayabonyezeki, chaneli imeshakuwepo, endelea.

Ukiruka hatua hii, kitufe cha Delete hakitafuta. Kitapaka rangi ya nyuma iliyochaguliwa kwenye kisanduku cha zana, mara nyingi nyeupe, nawe utadhani umefanikiwa.

Hatua ya 3. Ondoa mandharinyuma.

Bonyeza F kupata zana ya `Free Select`, zungusha mstari ukikifuata kikoi pamoja na matamvua yake, kisha bonyeza Enter. Chagua `Select > Feather`, andika 2, thibitisha. Chagua `Select > Invert`, kisha bonyeza Delete.

Kagua: palipokuwa na meza sasa paonekane miraba ya kijivu kama ubao wa drafti. Miraba hiyo si sehemu ya picha. Programu huichora kukuonyesha kwamba hapo hakuna kitu.

Ondoa uteuzi kwa `Select > None`. Sasa kuza picha hadi asilimia 200, chukua `Eraser` yenye brashi laini ya ukubwa wa 8, na usafishe nafasi kati ya nyuzi. Kazi hii inachosha, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Hatua ya 4. Hifadhi nakala ya kazi.

Chagua `File > Save` na uipe jina `kikoi.xcf`. XCF ni umbizo la GIMP lenyewe. Huhifadhi matabaka na alfa kama vilivyo. Hili si faili la kumtumia mteja. Ni faili la kurudi kwake kila nakala nyingine inapoharibika.

Hatua ya 5. Chagua umbizo kwa kuangalia ukingo.

Tazama pikseli moja tu iliyo ukingoni mwa uzi. Rangi yake ni nyeupe yenye thamani 250 katika chaneli zote tatu, na alfa yake ni 128, yaani nusu uzi, nusu hewa. Bango lina rangi ya buluu iliyokoza: nyekundu 20, kijani 40, buluu 90. Alfa ikiwepo, programu huchanganya nusu kwa nusu na kupata 135, 145 na 170. Ni buluu hafifu, na jicho linauona uzi umelala juu ya bango.

Sasa hifadhi pikseli hiyo hiyo kama JPEG. Programu lazima ibape, na tuseme inabapa juu ya nyeupe ya 255. Matokeo ni 252 katika chaneli zote. Alfa imetoweka, na 252 haisemi ilitoka wapi: inaweza kuwa nusu uzi, uzi mzima wenye mwanga mkali, au mandharinyuma yenye doa. Namba moja imebeba majibu mengi, ndiyo maana hakuna programu inayoweza kuirudisha alfa ile kwa hesabu. Inaweza kukisia tu. Ukiweka picha hiyo juu ya bango, kikoi kitakuja na kisanduku cheupe. Ukijaribu kukiondoa kwa kuchagua weupe wote, ama ukingo mweupe utabaki kuzunguka kila uzi, ama nyuzi zitaliwa.

JPEG huongeza tatizo la pili. Hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kipande chenye mpaka mkali ndani yake huchafuka kidogo pande zote mbili za mpaka. Weupe uliokuwa 255 kila mahali unakuwa 253 hapa na 251 pale. Ndivyo vile vidoa vinavyobaki kuelea baada ya kufuta.

Basi chagua hivi:

PNG ndilo chaguo la kuanzia. Huhifadhi alfa yenye viwango vyote 256, hubana bila kupoteza chochote, limekuwepo tangu 1996, na leo husomwa na karibu kila programu ya picha. Gharama yake ni uzito, kwani picha ya kamera kwenye PNG huwa kubwa kwa kiasi kikubwa kuliko kwenye JPEG. Kwa bango na kwa mchapishaji wa fulana, ukubali uzito huo.

WebP itumike picha inapokwenda kwenye tovuti. Huweza kubana rangi kwa kupoteza kama JPEG na bado ikabeba alfa, hivyo faili huwa jepesi. Stika za WhatsApp zenyewe ni WebP za pikseli 512 kwa 512. Ila wachapishaji wengine wana programu za zamani zisizoifungua, uliza kwanza.

GIF iache. Pikseli yake ama ipo ama haipo, hakuna nusu, na matamvua yatageuka meno ya msumeno.

Hatua ya 6. Toa nakala ya PNG.

Chagua `File > Export As`, andika `kikoi.png`, bonyeza `Export`. Katika dirisha linalofuata, ondoa alama kwenye `Save color values from transparent pixels`. Pikseli yenye alfa 0 inaweza bado kuficha rangi yake ya zamani. Programu nyingine ikija kutupa alfa bila kubapa, meza uliyoifuta itarudi nzima ikiwa rangi hiyo imebaki, au nyuma yote itakuwa nyeusi ikiwa imeondolewa. Hicho ndicho chanzo cha malalamiko kwamba picha “imegeuka nyeusi yenyewe”.

Hatua ya 7. Thibitisha faili, si jina lake.

Kubadilisha `kikoi.jpg` kuwa `kikoi.png` kwa kuandika upya jina hakubadilishi chochote ndani. Kwenye Linux au Mac, fungua terminali na uandike:

```
file kikoi.png
```

Jibu sahihi lina maneno haya:

```
PNG image data, 2000 x 1500, 8-bit/color RGBA
```

Herufi A mwishoni ni alfa. Ukiona `RGB` bila A, rudi Hatua ya 2. Ukiona `JPEG image data`, jina linadanganya. Rudi Hatua ya 6.

Kisha jaribu kwa macho, maana A huthibitisha kwamba chaneli ipo, si kwamba imejazwa vizuri. Unda picha mpya yenye rangi ya bango, chagua `File > Open as Layers`, fungua `kikoi.png`. Kagua ukingo kwa asilimia 200. Ukiona miraba ya drafti ikiwa imeganda juu ya rangi ya bango, picha hiyo imechorwa miraba ndani yake. Hutokea kwa picha zilizopakuliwa mtandaoni au zilizopigwa kutoka kwenye skrini.

Hatua ya 8. Tuma kama hati.

Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida ya picha hubanwa upya kuwa JPEG, na uwazi huishia hapo. Bonyeza alama ya kiambatisho, chagua Hati, kisha `kikoi.png`. Kwenye Telegram, itume kama faili. Mwombe mpokeaji akusomee jina na ukubwa wa faili alilopata: kiambishi kiwe `.png`, na ukubwa ulingane na wako.

Hatua ya 9. Toa JPEG ikihitajika tu, na uchague rangi ya kubapia mwenyewe.

Kuna mifumo ya kupakia bidhaa inayokubali JPEG peke yake. Fungua `kikoi.xcf`, weka rangi ya nyuma kwenye kisanduku cha zana iwe ile ya ukurasa picha itakapokaa, kisha toa `kikoi-nyeupe.jpg` kwa ubora wa 90. GIMP itabapa kwa rangi hiyo. Taja rangi ndani ya jina la faili kama nilivyofanya hapa, kwa sababu nakala ya nyeupe haifai kwenye ukurasa wa kijivu. Ukurasa ukibadilishwa rangi, toa JPEG nyingine kutoka `kikoi.xcf`, kamwe si kutoka JPEG ya kwanza.