Ndoo ya Tokeni: Kumzuia Mjanja Bila Kufungia Hosteli Nzima

Tuseme wewe na wenzako wawili mmetengeneza programu ya kuchapa kazi za darasa. Mwanafunzi anatuma faili kwa simu, analipia, kisha anapita steshenari kuchukua karatasi zake. Ili watu waijaribu, mmeamua kila akaunti mpya ipewe kurasa 10 za bure. Kujisajili kunahitaji barua pepe tu.

Hapo mjanja mmoja anaweza kuchapa ripoti yote ya fildi bila kutoa senti. Wala hahitaji kufungua barua pepe mpya, kwa sababu Gmail haijali nukta zilizo ndani ya jina. Ujumbe uliotumwa kwa jinalangu@gmail.com, jina.langu@gmail.com au jinalangu+2@gmail.com unaingia kwenye sanduku lile lile. Kwenu hizo ni akaunti tatu na kurasa 30.

Mnahamia kwenye namba ya simu. Anayejisajili anaandika namba yake, seva inamtumia meseji yenye tarakimu sita, anazirudisha. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho, kwa hiyo kupata laini 30 si kazi nyepesi kama kupata anwani 30 za barua pepe. Hatua nzuri, lakini mmejifungulia tatizo lingine: kila meseji mnailipia ninyi. Tuseme ni shilingi 20. Mtu akiandika skripti inayobonyeza kitufe cha "tuma namba" mara moja kila sekunde, hizo ni meseji 3,600 kwa saa, yaani shilingi 72,000. Mkilala saa nane, mnaamka na deni la 576,000. Zaidi ya nusu milioni, na hakuna hata mtu mmoja aliyejisajili.

Msidhani mchezo huu unawapata wadogo tu. Kuna wahalifu wanaolenga namba za nchi ambako meseji ni ghali, kisha wanagawana mapato na wanaozipokea. Twitter, ilipoondoa uthibitisho wa meseji kwa wasiolipia kuanzia 20 Machi 2023, ilitaja matumizi mabaya ya njia hiyo kuwa sababu. Kwa programu ya chuo dawa ya kwanza ni rahisi: kama wateja wenu wote wako Tanzania, katalia mbali namba yoyote isiyoanza na 255.

Dawa ya pili ni kikomo cha maombi. Wengi huanza na sheria ya "maombi 5 kwa saa", wakihesabu kuanzia kila saa kamili. Ina tundu. Mtu akiomba mara tano saa 2:59 na mara tano tena saa 3:00, amepata meseji 10 ndani ya dakika mbili na sheria haijavunjwa.

Bora ndoo ya tokeni. Kila namba ya simu ina ndoo yake inayobeba tokeni 3. Kila meseji inakula tokeni moja, na kila dakika 10 inadondoka moja mpya, mpaka ndoo ijae. Aliyekosa meseji kwa sababu ya mtandao mbovu ataomba mara ya pili na ya tatu bila kusumbuliwa. Skripti itazimaliza zote tatu kwa sekunde tatu, halafu itasubiri dakika 10 kwa kila meseji moja. Huhitaji programu ya pembeni inayozunguka kujaza ndoo. Unapiga hesabu ombi linapofika:

```
sasa = time.time()
ndoo.tokeni = min(3, ndoo.tokeni + (sasa - ndoo.mwisho) / 600)
ndoo.mwisho = sasa
if ndoo.tokeni >= 1:
    ndoo.tokeni -= 1
    tuma_meseji(namba)
else:
    jibu(429)
```

429 ni jibu rasmi la wavuti kwa aliyezidisha maombi. Liambatanishe na `Retry-After` yenye idadi ya sekunde, ili mtu aone "jaribu tena baada ya dakika 7" badala ya kubonyeza kwa hasira.

Kodi hiyo inavuja sehemu mbili. Kwanza, maombi 50 yakifika kwa mpigo, yote yanaweza kusoma kwamba ndoo ina tokeni moja kabla ombi lolote halijaipunguza, na meseji 50 zikaondoka. Kusoma na kupunguza lazima viwe tendo moja ndani ya hifadhidata. Pili, namba ile ile huandikwa ikianza na 07, 2557 au +2557. Usipozigeuza kuwa umbo moja kwanza, mtu mmoja ana ndoo tatu.

Kuna pia kubahatisha. Tarakimu sita ni uwezekano 1,000,000. Namba ikiishi dakika 10 na seva ikikubali majaribio 100 kwa sekunde, skripti itajaribu 60,000, sawa na asilimia 6. Ikiomba namba mpya na kurudia mara 12, ndani ya saa mbili uwezekano wa kufanikiwa umepita nusu. Ruhusu majaribio 5 kwa kila namba, kisha iue. Ila angalia: namba mpya huleta majaribio matano mapya, na ndoo yetu kwa siku nzima inaweza kutoa kama namba 147, yaani majaribio 735. Ndiyo maana naongeza ukomo wa pili, meseji 6 kwa siku kwa kila simu. Majaribio yanashuka hadi 30.

Bado mshambuliaji anaweza kubadilisha namba za simu kila ombi, akawa na ndoo mpya kila mara. Wengi hukimbilia kufunga anwani ya IP, na hapa ndipo watu wasio na hatia huumia. Wai-fai ya hosteli kwa kawaida huwatoa wanafunzi wote kwenye mtandao kwa anwani moja, na hata kampuni za simu huwaunganisha wateja wengi hivyo hivyo. Ukiweka maombi 5 kwa saa kwa kila anwani, wa sita pale hosteli anaambiwa amezidisha wakati ndiyo kwanza amejaribu. Anwani nayo ipewe ndoo, ila pana: tuseme tokeni 60, na mpya moja kila dakika. Juu yake weka ukomo wa matumizi ya meseji kwa siku kwa mfumo mzima, ili hasara iwe na dari.

Utajuaje kama ni hosteli au ni skripti? Linganisha meseji zilizotumwa na zilizorudishwa. Wanafunzi wa kweli wengi hurudisha tarakimu zao ndani ya dakika chache. Anwani iliyoomba meseji 60 zikarudi 50, iache, hata kama ni saa nane usiku. Watu wana dedilaini. Iliyoomba 60 ikarudi 1, tena kwa namba zinazofuatana moja baada ya nyingine, hiyo ifunge.

Kuhusu zile kurasa 10, zifungeni kwenye namba ya usajili wa chuo badala ya akaunti. Namba hizo mara nyingi hufuatana na mtu hukisia ya jirani yake kirahisi, kwa hiyo kuiandika tu hakutoshi. Kurasa zifunguke pale steshenari, mara ya kwanza tu, baada ya mhudumu kuona kitambulisho cha chuo na kubonyeza "nimekiona". Mwenye akaunti 30 atalazimika kusimama mbele ya yule yule mhudumu mara 30.