Nanomita hadi mita: maswali kutoka Bukoba na Muleba

Miaka kadhaa nikifundisha fizikia ya kidato cha tano na cha sita, mara Bukoba mjini, mara upande wa Muleba, nimeona kwamba sura ya mwanga haiwashindi wanafunzi kwa kuwa mawimbi ni magumu. Inawashinda kwenye mstari wa kwanza wa hesabu, pale nanomita inapotakiwa kuwa mita. Haya ni maswali ambayo hunijia tena na tena.

Shikamoo mwalimu. Kama nanomita ni 10⁻⁹ ya mita, mbona 650 nm tunaiandika 6.5 × 10⁻⁷ m? Ile 9 imekwenda wapi?

Marahaba. Haijapotea, imegawana kazi na 650. Namba 650 ni 6.5 × 10². Ukizidisha na 10⁻⁹, vipeo vinajumlishwa: 2 na hasi 9 ni hasi 7. Ukiandika 650 × 10⁻⁹ m hujakosea hata kidogo. Kosa ni kuandika 6.5 × 10⁻⁹ m, yaani kusogeza nukta halafu kusahau kulipa kipeo. Wimbi hilo umelifanya fupi mara mia.

Ili upate picha, chora mstari ulionyooka kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam. Ni kama kilomita 1,000. Mstari huo ukiuita mita moja, nanomita moja itakuwa milimita moja juu yake, na wimbi la mwanga mwekundu wa 650 nm litakuwa sentimita 65.

Shika pia hili: mwanga unaoonekana kwa macho uko kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Kwa mita, ni kati ya 4 × 10⁻⁷ na 7 × 10⁻⁷. Kipeo ni hasi 7, kuanzia zambarau hadi nyekundu. Ukipata hasi 6 au hasi 9 kwa rangi unayoiona, rudi juu ukatafute kosa.

Nimenunua leza ndogo sokoni Muleba. Karatasi yake inasema 630–680 nm. Kwenye hesabu niweke ipi?

Karatasi hiyo inakwambia tu kwamba leza ni nyekundu. Ipime mwenyewe. Tafuta sidii ya zamani, ile ya nyimbo. Njia zake za data zimepangana kwa nafasi ya nanomita 1,600, ndiyo maana inatawanya rangi.

Simamisha sidii ikitazamana na ukuta, umbali wa mita moja kamili. Shika leza ikiwa imegusa ukuta, uelekeze mwanga kwenye upande unaong'aa wa sidii mpaka doa linaloakisiwa lirudi pale pale leza ilipo. Utaona madoa mengine mawili ukutani, moja kila upande. Pima kutoka katikati hadi doa moja, kisha hadi la pili, uchukue wastani. Mtu yeyote asiweke jicho kwenye njia ya mwanga huo, hata ule unaoakisiwa.

Tuseme umepata sentimita 45. Tanjenti ya pembe ni 0.45, pembe ni digrii 24.2, na sini yake ni 0.410. Kanuni ya doa la kwanza ni

λ = d sin θ

Kwa hiyo λ = 1,600 × 0.410, yaani kama nanomita 657. Ukikosea kupima kwa sentimita moja tu, jibu linahama nanomita 12 hivi. Basi usiniandikie 656.58 kwa kuwa kikokotoo kimekuonyesha hivyo. Andika 660 nm, au 6.6 × 10⁻⁷ m.

Mbona hapo hukubadilisha kuwa mita? Darasani tunaambiwa lazima.

Umeona vizuri. Hapo walimu wengi tunafundisha sheria bila sababu yake. Kwenye sidii kuna urefu mmoja unaolinganishwa na urefu mwingine. Vyote vikiwa nanomita, kizio kinakatana chenyewe. Ulazima wa mita unaletwa na namba zisizobadilika zenye mita ndani yake. Kasi ya mwanga, 3.00 × 10⁸, ni ya mita kwa sekunde. Ikiingia hiyo, urefu wa wimbi nao lazima uwe mita:

E = hc/λ = (6.63 × 10⁻³⁴ × 3.00 × 10⁸) ÷ (6.50 × 10⁻⁷) = 3.06 × 10⁻¹⁹ J

Hatari nyingine ni swali linalochanganya vizio vitatu. Jaribio la Young la nyufa mbili ndilo bingwa wa mtego huo: wimbi la taa ya sodiamu ni 589 nm, nyufa zimeachana 0.50 mm, skrini iko mbali 1.2 m. Hapo usijitafutie ujanja, peleka vyote kwenye mita. Mistari itaachana kwa 589 × 10⁻⁹ × 1.2 ÷ (0.50 × 10⁻³), yaani 1.4 × 10⁻³ m, ambayo ni milimita 1.4.

Kikokotoo changu huandika Math ERROR nikitafuta pembe ya sidii, na kanuni niliyotumia ni sahihi. Kimeharibika?

Hakijaharibika, kimekuokoa. Nionyeshe unavyobonyeza. Wengi hubonyeza 650 × 10 kisha EXP na −9. Kitufe cha EXP chenyewe kina maana ya "mara kumi kwa kipeo cha", kwa hiyo ile 10 uliyoiandika imezidisha mara ya pili. Umepata 6.5 × 10⁻⁶. Ukigawa kwa 1.6 × 10⁻⁶ unapata 4.06, na hakuna pembe ambayo sini yake inazidi 1. Bonyeza 650, EXP, −9, basi.

Kinachonitisha mimi ni kosa hilo hilo kwenye nishati ya fotoni, kwa sababu kikokotoo hakilalamiki. Kitakupa 3.06 × 10⁻²⁰ J, namba yenye sura nzuri tu, na utaivusha hadi mwisho wa karatasi ya NECTA. Igawe kwa 1.6 × 10⁻¹⁹ upate eV. Fotoni za mwanga unaoonekana zina kati ya 1.8 na 3.1 eV hivi. Jibu sahihi linatoa 1.91, lako linatoa 0.19. Njia ya mkato ya kuhakiki ni kugawa 1,240 kwa nanomita: 1,240 ÷ 650 ni 1.91.

Kitabu cha kaka yangu kinasema sodiamu ni 5893 Å. Ni kizio gani hicho?

Angstromu, kizio cha zamani: 10⁻¹⁰ ya mita. Gawa kwa kumi upate 589.3 nm. Usiipe kipeo cha hasi 9.

Msimu wa senene nilitazama taa ya tyubu ya dukani ikiakisiwa kwenye sidii. Sikuona upinde wa mvua uliokamilika, rangi zilikuwa zimekatika. Kwa nini?

Ndani ya tyubu kuna mvuke wa zebaki, na zebaki haitoi rangi zote. Mistari yake mikali ni pamoja na kijani ya 546 nm na bluu ya 436 nm. Unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huongeza rangi nyingine. Kwa sidii yako, kijani hiyo inatoka kwenye pembe ambayo sini yake ni 546 ÷ 1,600, karibu digrii 20. Masafa ya ile bluu nakuachia wewe. Kasi ya mwanga imo, kwa hiyo anza na 4.36 × 10⁻⁷ m, na ukipata karibu 6.9 × 10¹⁴ Hz, umebonyeza vizuri.