SOMO LA AFYA: Ukifanya Mazoezi Huku Damu Ikiwa Imepungua

Jioni, barabara ya kutoka Kiganjo kupitia Chaka kuelekea Naro Moru huwa na watu wengi wanaotembea kwa kasi au kukimbia. Baadhi yao hugundua kwamba mlima waliokuwa wakiupanda bila shida mwezi uliopita sasa unawashinda. Wengi hujilaumu kwa uvivu au uzee, kisha huongeza bidii. Mtu aliyepungukiwa na damu kwa sababu ya ukosefu wa madini ya chuma anaweza kujiumiza kwa bidii hiyo. Somo hili linaeleza kinachotokea mwilini, na wakati wa kusimamisha mazoezi.

Kwa nini kazi ileile huwa nzito

Hewa safi tunayovuta, yaani oksijeni, husafirishwa na himoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu. Himoglobini haiwezi kutengenezwa bila madini ya chuma.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 34 anayeuza nguo sokoni Chaka na kutembea na wenzake jioni. Akiwa mzima, himoglobini yake ilikuwa gramu 13.5 kwa desilita ya damu. Kwa miezi kadhaa hedhi yake imekuwa nzito, na kipimo sasa ni gramu 9. Hiyo ni theluthi mbili ya kiwango chake cha awali. Lita moja ya damu yake iliyokuwa ikibeba takriban mililita 180 za oksijeni sasa inabeba takriban 120.

Fikiria pikipiki tatu zinazopeleka mitungi ya maziwa. Moja ikiharibika, mbili zilizobaki zitalazimika kwenda safari nyingi zaidi ili maziwa yaleyale yafike. Ndivyo moyo unavyofanya. Unapiga haraka zaidi na kusukuma damu nyingi zaidi ili misuli ipate oksijeni. Mama huyu alipokuwa mzima, mapigo yake kwenye mlima ule yalikuwa 110 kwa dakika. Sasa, kwa mwendo uleule, ni 145. Mwili haujawa mvivu. Moyo unafanya kazi ya mkimbiaji huku miguu ikifanya kazi ya mtembeaji.

Misuli yenyewe pia huhitaji chuma ili kuchoma chakula na kupata nguvu. Ndiyo maana mtu anaweza kuchoka upesi hata kabla himoglobini yake haijashuka sana. Misuli inapokosa oksijeni ya kutosha hutumia njia nyingine ya kupata nguvu, ambayo haidumu, na miguu huanza kuwa mizito kama iliyofungwa mawe.

Huku kwetu kuna jambo moja zaidi. Chaka iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina oksijeni kidogo kuliko ya pwani. Mwili wa mkazi wa nyanda za juu kwa kawaida hutengeneza himoglobini zaidi. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya gramu 12 huhesabiwa kuwa upungufu wa damu, na kwa mwanamume chini ya 13. Lakini Shirika la Afya Duniani hushauri mipaka hiyo ipandishwe kwa wanaoishi mahali pa juu. Kwa hiyo ukipata 12 hapa kwetu na bado unachoka, mwulize daktari akupime pia akiba ya chuma mwilini.

Usidanganywe na kifaa cha kidole

Kifaa kidogo kinachobana kidole kinaweza kuonyesha asilimia 95 ilhali damu imepungua sana. Kinapima jinsi himoglobini iliyopo ilivyojaa oksijeni, bila kuhesabu ni kiasi gani ipo. Ni sawa na kukagua pikipiki mbili zilizobaki na kukuta mitungi yote imejaa. Ya tatu bado haipo. Kipimo cha damu pekee ndicho kitakachokuonyesha.

Kabla ya kuanza

Jua mapigo yako ya kawaida. Kabla ya kutoka kitandani asubuhi, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Andika kila siku. Yakizidi kawaida yako kwa 10 au zaidi, pumzika siku hiyo. Yakifika 100 ukiwa umetulia, usifanye mazoezi, nenda ukapimwe.

Himoglobini chini ya 8 kwa mtu mzima asiye mjamzito ni upungufu mkali. Hapo mazoezi huachwa kabisa mpaka daktari aruhusu. Mjamzito aulize kliniki yake kabla ya mazoezi yoyote. Mwenye 9 au 10 ambaye ameanza matibabu na hana dalili za hatari anaweza kutembea mahali tambarare kwa dakika 10 hadi 20, akiwa na mwenzake, na kuacha milima na mbio kwa sasa.

Wakati wa kusimama

Ukishindwa kusema sentensi fupi bila kuhema, punguza mwendo. Usipopata nafuu ndani ya dakika mbili, simama. Hesabu mapigo mara tu unaposimama na tena baada ya dakika moja. Yasiposhuka hata kwa 12, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha. Simama pia miguu ikiwa mizito ghafla kwa mwendo mdogo, au kichwa kikianza kugonga.

Dalili nyingine hazisubiri kuhesabu: maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, moyo kupiga bila mpangilio, au kuhema hata baada ya kuketi. Keti au lala chini papo hapo, mwenzako aite msaada, na uende hospitali siku hiyohiyo. Usijaribu kumaliza kilomita iliyobaki.

Kurudi polepole

Mama wa mfano wetu alipewa tembe za chuma, na sababu ya hedhi nzito ikachunguzwa. Hili la pili ni la lazima, kwa kuwa tembe hazizibi mahali damu inapotokea. Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, anapaswa kuchunguzwa tumbo, kwani damu huweza kuvuja humo bila maumivu.

Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Meza tembe kwa maji, na uache saa moja au mbili kabla ya kunywa chai. Chungwa husaidia. Choo kuwa cheusi ni kawaida kwa anayemeza tembe hizi. Kwa asiyemeza, ni dalili ya hatari. Weka tembe mbali na watoto, kwani zikimezwa nyingi zinaweza kuua.

Matibabu yakifanya kazi, himoglobini hupanda kwa gramu 1 hadi 2 hivi katika mwezi wa kwanza. Isipopanda, rudi kwa daktari. Ikifika kawaida, tembe huendelea kwa miezi mitatu hivi ili kujaza akiba. Utajua uko tayari kwa mlima pale mapigo yako yatakapokuwa yanarudi yalivyokuwa kwa mwendo uleule: kwa mama yetu, kutoka 145 kuelekea 110. Beba daftari lako la mapigo unapokwenda kituo cha afya. Litamsaidia mhudumu kuona tatizo lilianza lini.